Mwana Kupona hakuhubiri utumwa

Mhariri,

Katika makala ya Jumapili iliyopita, mhakiki wenu aliueleza Utendi wa Mwana Kupona kuwa ni “mwongozo wa kumtumikia mume”. Siwezi kukanusha kwamba beti nyingi zinahimiza utiifu katika ndoa, na baadhi yake zinamkera msomaji wa leo, nami zimenikera. Kosa lake ni kuzitenga beti hizo na sauti inayozisema.

Utendi huu, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa binti yake: “Negema wangu binti, mchachefu hasanati.” Kabla ya kumfikia mume, mama anamfundisha mwanawe kushika dini, kuwa na adabu na kuwa na ulimi wa kweli, tena anapotaja radhi tano anazozihitaji kiumbe, anaanza na Mungu, Mtume, baba na mama, ndipo mume anapotajwa, wa tano. Mpangilio huo mhakiki hakuugusa hata kidogo. Wala hakusema lolote kuhusu dua ndefu inayofuata, ambamo mume hana nafasi kubwa, na mtunzi anamwomba Mola kwa ajili yake na wanawe.

Anayetaka kumhukumu Mwana Kupona na amhukumu, lakini autazame utendi wote, si robo yake, na akumbuke kwamba anayezungumza humo ni mwanamke msomi aliyeamua mwenyewe yapi ya kumwachia mwanawe.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Lamu