Kinga ya asili na kinga mahususi dhidi ya bakteria: muhtasari wa marudio

Mfano tutakaoufuata

Mtu wa miaka 34, mzima wa afya, ametoka kuugua mafua. Nimokokasi waliokuwa wakiishi nyuma ya pua yake bila kumdhuru wanashuka mapafuni, kwa sababu virusi vya mafua vimeharibu vijinywele vinavyosukuma makamasi juu. Tuchukulie hajapata antibiotiki, ili tuone kinga inavyofanya kazi peke yake. Nimokokasi anafaa kwa marudio kwa sababu ana kapsuli ya sukari, na kapsuli hiyo ndiyo inayoonyesha wazi kwa nini mwili unahitaji mikono miwili ya kinga.

Anza na hesabu ya muda. Bakteria anayegawanyika kila dakika 30 katika mazingira mazuri atakuwa amegawanyika mara 20 ndani ya saa 10, yaani bakteria mmoja amekuwa zaidi ya milioni 1. Kingamwili za maambukizi ya kwanza huanza kupimika kwenye damu karibu siku ya 5 hadi ya 7. Pengo hilo hulindwa na kinga ya asili.

Saa za mwanzo: kinga ya asili

Kabla ya seli yoyote kupigana kuna vizuizi: ngozi yenye asidi kidogo, makamasi, asidi ya tumbo, na laisozaimu ya machozi na mate inayokata ukuta wa bakteria. Kwa mgonjwa wetu kizuizi kimeshavunjika, kwa hiyo tuingie ndani.

Makrofaji wanaokaa kwenye vifuko vya hewa ndio wa kwanza kukutana na bakteria. Hawajui kama huyu ni nimokokasi wa aina fulani. Wanatambua alama ambazo bakteria wengi wanazo na seli zetu hazina: TLR2 hushika lipoprotini za bakteria, TLR4 hushika lipopolisakaraidi ya Gramu hasi, TLR5 hushika protini ya mjeledi, TLR9 hutambua DNA ya bakteria iliyomezwa, na NOD2 hutambua vipande vya ukuta ndani ya seli. Vipokezi hivi tunarithi vikiwa vimekamilika, ni vya aina chache, na ni vilevile kwenye kila makrofaji. Katika swali lolote la kulinganisha, sentensi hiyo ndiyo yenye alama nyingi.

Makrofaji aliyeamshwa hutoa saitokini. TNF na IL-1 huifanya mishipa midogo iliyo karibu ipanuke, ivuje maji na protini, na ioteshe molekuli za kunasia. CXCL8 huita neutrofili. IL-6 huliamuru ini litengeneze protini za dharura, ikiwamo CRP, ambayo hupanda ndani ya saa 6 hivi na kufikia kilele karibu saa 48. CRP iligunduliwa mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia kwa sababu hushikana na sukari ya ukuta wa nimokokasi. Ikishika, huamsha komplimenti. Saitokini hizohizo tatu, TNF, IL-1 na IL-6, hufika kwenye haipothalamasi na kupandisha kiwango cha joto kupitia prostaglandini E2. Hivyo homa hutokana na amri ya mwili wenyewe, na dawa zinazozuia utengenezaji wa prostaglandini huishusha bila kumgusa bakteria.

Neutrofili hufika ndani ya saa chache. Hatua zake ziandike kwa mpangilio: hubingirika ukutani mwa mshipa kwa selektini, hunata kwa integrini, hupenya kati ya seli za mshipa, kisha hufuata harufu ya CXCL8 na C5a hadi kwa bakteria. Akimmeza, hutumia oksidesi ya NADPH kutengeneza oksijeni kali, pamoja na vimeng'enya vya kwenye chembechembe zake. Anaishi muda mfupi. Neutrofili waliokufa pamoja na bakteria na mabaki ya tishu ndio usaha, na ndio wanaolipa kohozi la mgonjwa wetu rangi yake.

Komplimenti ina njia tatu za kuanza (ya kawaida, ya lektini na mbadala), lakini zote hukutana kwenye C3. Baada ya hapo kuna matokeo matatu. C3b hubandikwa juu ya bakteria ili amezwe kwa urahisi. C3a na C5a huongeza mchochota. C5b hadi C9 hujenga tundu kwenye utando. Watahiniwa wengi huandika kwamba tundu hilo linamuua bakteria yeyote. Si kweli. Nimokokasi na Gramu chanya wengine wana ukuta mnene wa peptidoglikani, na tundu haliwadhuru. Kwao, kazi kubwa ya komplimenti ni C3b.

Na hapa kapsuli inaleta shida. Inafunika C3b iliyoketi chini yake na kuizuia isionekane na vipokezi vya mlaji. Kumshika bakteria wa namna hii bila kitu cha kushikia ni kama kumshika kambale kwa mikono mitupu. Neutrofili wamejaa mapafuni, mchochota umepamba moto, mgonjwa anahema, na bado bakteria wanaongezeka.

Daraja kati ya kinga mbili

Seli ya dendriti humeza bakteria, huamshwa na TLR zilezile, kisha husafiri na limfu hadi kwenye tezi ya limfu iliyo karibu. Humo huonyesha vipande vya protini juu ya MHC daraja la II. Seli T saidizi inahitaji ishara mbili: kipande kinachoendana na kipokezi chake, na B7 ya seli ya dendriti inayoshika CD28. B7 huongezeka pale tu seli ya dendriti inapokuwa imehisi hatari. Ishara ya kwanza ikija bila ya pili, seli T huzimwa badala ya kuamshwa. Kwa maneno mengine, kinga mahususi haianzi vita bila idhini ya kinga ya asili, na hiyo ni moja ya sababu hatushambulii protini zetu wenyewe kila siku.

Kinga mahususi

Vipokezi vya limfosaiti havirithiwi vikiwa tayari. Kila limfosaiti huchanganya vipande vya jeni na kupata kipokezi chake, kwa hiyo seli zinazoweza kutambua antijeni fulani huwa chache mno mwanzoni. Lazima kwanza zipatikane, zichaguliwe, kisha zigawanyike kwa siku kadhaa. Ucheleweshaji wote unatoka hapo.

Seli T saidizi hugawanyika kikazi. Th17 hutoa IL-17 na kuongeza neutrofili dhidi ya bakteria wanaoishi nje ya seli, kama nimokokasi. Th1 hutoa interferoni gama, inayompa makrofaji nguvu ya kuua bakteria anaoishi nao tumboni mwake, kama wa kifua kikuu na salmonela. Tfh husaidia seli B. Seli T CD8 huhitajika zaidi bakteria anapotoroka na kuingia kwenye saitoplazimu, kama listeria.

Seli B hutoa IgM kwanza: vipande vitano vilivyounganishwa, sehemu 10 za kushikia, hodari sana kuamsha komplimenti. Kwa msaada wa Tfh hubadilisha aina kuwa IgG au IgA, na jeni zake hubadilika kidogokidogo ili kingamwili zishike kwa nguvu zaidi. IgG ikishika kapsuli, mkia wake hubaki nje, na neutrofili ana kipokezi cha mkia huo. Sasa kambale ana mpini. Kabla ya antibiotiki, madaktari waliona homa ya nimonia ya nimokokasi ikishuka ghafla karibu siku ya 7 kwa wale waliopona, wakati kingamwili za kapsuli zilipotokea.

Kingamwili yenyewe haikumuua nimokokasi. Ilimfanya amezeke, na aliyemmeza ni neutrofili wa kinga ya asili. Ukiandika kwamba kinga mahususi "inachukua nafasi" ya kinga ya asili, umekosea.

Sukari ya kapsuli ina jambo lake. Haikai kwenye MHC daraja la II, kwa hiyo haiiti seli T. Seli B, hasa zile za pembezoni mwa wengu, huijibu zenyewe, lakini kumbukumbu huwa hafifu, na watoto chini ya miaka 2 hujibu vibaya. Chanjo unganishi hutatua hilo kwa kuifunga sukari kwenye protini. Seli B hushika sukari, humeza vyote viwili, kisha huonyesha kipande cha protini kwa seli T. Seli T inaitambua protini na kuisaidia seli B ambayo kingamwili zake ni za sukari. Zipo aina zaidi ya 90 za kapsuli, ndiyo maana chanjo hulinda hasa dhidi ya aina zilizomo ndani yake.

Baada ya ushindi, seli nyingi hufa. Hubaki seli za kumbukumbu na seli za plazima zinazokaa kwenye uboho. Antijeni ya protini ikirudi, jibu huja ndani ya siku 1 hadi 3, ni kubwa zaidi, na huwa hasa IgG.

| | Kinga ya asili | Kinga mahususi |
|---|---|---|
| Muda | dakika hadi saa | siku, mara ya kwanza |
| Vipokezi | vya kurithi, aina chache | vya kuchanganywa, aina nyingi mno |
| Hutambua | alama za pamoja za bakteria | antijeni moja moja |
| Ikikutana tena | karibu vilevile | haraka na kwa nguvu zaidi |

Kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye kasoro

Maswali ya kliniki hugeuza somo: unapewa maambukizi, unatafuta kilichokosekana. Majipu yanayojirudia ya stafilokokasi huku neutrofili wakiwa wa kutosha: fikiria oksidesi ya NADPH. Neutrofili wengi mno kwenye damu, kidonda kisicho na usaha, na kitovu kilichochelewa kukatika: integrini haipo, wameshindwa kutoka kwenye mshipa. Homa ya uti wa mgongo ya meningokokasi inayorudi: C5 hadi C9, kwa kuwa huyu ni Gramu hasi na tundu linamhusu. Mvulana aliyekuwa salama hadi karibu miezi 6, kisha nimonia baada ya nimonia: IgG ya mama imekwisha na hana seli B. Aliyetolewa wengu: nimokokasi kwenye damu, kwa kasi ya kutisha.

Wa mwisho ndiye wa kutokosea kabisa. Mgonjwa wa saratani anayetumia dawa kali, neutrofili chini ya 0.5 × 10⁹ kwa lita, ana homa. Huenda hana usaha, na picha ya kifua isionyeshe kitu, kwa sababu seli zinazotengeneza dalili hizo hazipo. Homa inaweza kuwa dalili pekee, kwani makrofaji wa tishu bado wanatoa IL-1 na TNF. Chukua damu ya kuotesha, na antibiotiki ianze ndani ya saa 1 bila kusubiri majibu.