Kuondoa chunusi, vumbi na madoa ya sensa kwa Spot Healing Brush: mwongozo wa anayeanza

Tufanye kazi na picha moja ya mfano. Binti amesimama nje, kavaa koti jeusi, na nyuma yake ni anga la buluu. Ana chunusi tatu kwenye paji la uso, moja kidevuni, na nyingine imekaa pale pale nywele zinapoanzia. Koti limeshika chembe nyeupe za vumbi. Juu angani kuna madoa ya kijivu, ya mviringo, yenye kingo zilizofifia. Karibu yote hayo yanaondoka kwa kifaa kimoja cha Photoshop, Spot Healing Brush, ambacho kimekuwamo tangu toleo la CS2 la mwaka 2005.

Kifaa ni chepesi. Kinachoharibu picha za wanaoanza ni mkono: brashi kubwa kupita kiasi, na kusugua mahali palipotaka kubofya mara moja tu. Ukibofya doa, programu hutazama pikseli zilizo jirani, huchukua umbile lake, kisha hulinganisha rangi na mwanga ili kiraka kisionekane. Kwa hiyo majirani wa doa ndio wanaoamua matokeo. Doa lililozungukwa na ngozi safi litafutika vizuri. Lililopakana na nyusi litaazima nyusi.

Kuandaa brashi

Bonyeza J. Vifaa kadhaa vinashirikiana herufi hiyo, basi kama umepata kingine endelea kubonyeza Shift+J mpaka jina Spot Healing Brush litokee. Kwenye upau wa juu, sehemu ya Type, chagua Content-Aware. Ugumu wa brashi, yaani Hardness, uweke kati ya asilimia 80 na 100. Wengi hudhani brashi laini ndiyo salama zaidi, lakini kifaa hiki kinalainisha kingo chenyewe. Ukikipa brashi laini, pembeni mwa doa hubaki kivuli chepesi kama pete.

Ukubwa unabadilishwa kwa vitufe vya mabano, [ kupunguza na ] kuongeza. Zoea kuvitumia kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kila doa linataka ukubwa wake: duara la brashi lizidi doa kidogo tu.

Anza na anga

Madoa ya sensa hutokana na vumbi lililotua kwenye kioo cha kichujio kilicho mbele ya sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Huonekana zaidi ukipiga kwa upenyo mdogo wa lenzi, f/16 au f/22, na huanza kupotea ukiufungua upenyo hadi f/4 au upana zaidi ya huo. Yatambue kwa tabia moja: yanakaa mahali pale pale picha baada ya picha. Vumbi la juu ya lenzi kwa kawaida halionekani kabisa, kwa hiyo usihangaike kufuta lenzi ukitegemea yatoke.

Kwanza nakili picha kwenye leya mpya, yaani tabaka jingine juu ya picha, kwa Ctrl+J (Mac ni Command badala ya Ctrl, hapa na kwingine kote). Kisha fungua Layer > New Adjustment Layer > Curves na uukunje mstari uwe kama herufi S yenye mwinuko mkali. Picha itatisha, usijali. Madoa ambayo hukuyaona yatajitokeza yote.

Sasa rudi kwenye leya ya nakala, bonyeza J, na uhakikishe kisanduku cha Sample All Layers hakina alama. Hili lina sababu. Kikiwa na alama, brashi itasoma picha pamoja na ule mkunjo wa Curves ulio juu, na utabandika viraka vyenye rangi iliyokolezwa. Vuta picha karibu kwa Ctrl+1 ili uione kwa asilimia 100, shikilia Space uisogeze, na upite angani kwa safu, kushoto kwenda kulia kisha safu ya chini yake. Ukirukaruka utasahau kona. Kila doa, bofyo moja. Ukimaliza, futa leya ya Curves.

Chembe za vumbi kwenye koti zinaondolewa kwa namna hiyo hiyo, ila koti lina mishono. Chembe ikiwa juu ya mshono, punguza brashi na uburute kipande kifupi kufuata mshono wenyewe, usiukate.

Uso

Hapa fungua leya tupu kwa Ctrl+Shift+Alt+N (Mac: Command+Shift+Option+N), na safari hii weka alama kwenye Sample All Layers. Marekebisho yote ya ngozi yatakaa kwenye leya hiyo peke yake, na ukijutia moja unalifuta bila kugusa picha.

Chunusi tatu za paji la uso ni bofyo tatu. Ya kidevuni, ikiwa kubwa na ina wekundu kuizunguka, usiimeze kwa duara moja pana. Ondoa kichwa chake kwanza, halafu wekundu uliobaki kwa bofyo ndogo mbili tatu. Duara pana huleta ngozi ya mbali yenye mwanga tofauti, na kidevu kinaonekana kimebandikwa plasta. Kama bofyo haikukupendeza, Ctrl+Z, ubadilishe ukubwa kidogo, ujaribu tena: matokeo hubadilika.

Ile iliyo mpakani mwa nywele ndiyo itakayokusumbua. Spot Healing Brush ikikutana na mpaka wa vitu viwili hupenda kuvichanganya, na utapata ukungu wa kahawia penye nywele. Jaribu brashi ndogo kabisa isiyogusa unywele hata mmoja. Ikikataa, hamia Healing Brush ya kawaida kwa Shift+J, weka Sample iwe All Layers, shikilia Alt (Option kwenye Mac) ubofye ngozi safi iliyo karibu ili uichague kama chanzo, kisha upake juu ya chunusi. Hapo wewe ndiye unayechagua jirani.

Kuhusu kipi kiondoke: chunusi itapona yenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo kuiondoa hakumgeuzi mtu. Kidoti cha kuzaliwa na kovu ni sehemu ya sura yake. Viache, isipokuwa mwenye picha ameomba. Vitundu vya ngozi usiviguse. Na kivuli chini ya macho usikifute. Kama kinakukera, kirekebishe kwenye leya yake, kisha punguza Opacity hadi karibu asilimia 50 ili kibaki kiasi.

Kila baada ya muda rudi Ctrl+0 uione picha nzima, uzime na kuwasha alama ya jicho iliyo kando ya jina la leya. Ukiwa umevuta karibu sana utakuta umeanza kufukuza vitu ambavyo hakuna atakayeviona.

Picha nyingi zenye madoa yale yale

Kama umepiga picha mia kwa sensa chafu, usizifungue moja moja. Katika programu ya Lightroom Classic bonyeza Q, chagua Heal, washa Visualize Spots, safisha picha moja, kisha uzihamishie nyingine marekebisho hayo kwa Sync. Zipitie zote baadaye: doa lililokuwa angani kwenye picha ya kwanza linaweza kuangukia jicho la mtu kwenye ya kumi, na kiraka kitamfuata huko huko.

Picha ya binti ihifadhi kama PSD ili leya zibaki, halafu toa nakala ya JPEG ya kutuma.