Barua kwa Neema, kuhusu wimbo wa feri

Ganjoni, Mombasa
Jumatatu usiku

Mwanangu Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Nisalimie wazazi, na umwambie mama mahamri ya jana yalifika salama mpaka garini. Nyumbani hayakufika.

Wimbo ulionitumia kwa wasapu nimeusikiliza mara saba au nane sasa. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, natoka mazishini, jua la saa nane linachoma, lango limefungwa na watu wamerundikana mpaka kule kwa wauza machungwa. Nikaweka simu sikioni. Ukaimba:

Nilisimama ng'ambo, mfukoni sina ndururu,
Ukaniita kwa jina, ukanivusha bila nauli.

Lango likafunguliwa, watu wakanipita kulia na kushoto, mimi nimeduwaa tu. Miaka 22 nahubiri neema katika mji huu. Nimetoa mifano ya mahakama, ya benki, ya mfungwa aliyeachiliwa, na kila wiki navuka maji yale pamoja na umati wa waenda kwa miguu ambao hakuna hata mmoja anayedaiwa senti. Haikunijia. Imemjia msichana wa miaka 19 kutoka Mtongwe. Nilipomsimulia mzee mmoja wa kanisa, akanijibu, "Lakini magari yanalipa, mchungaji." Nikamwambia basi na ashuke garini.

Kwa hiyo lijue hili kwanza, kabla hujafika chini: nautaka wimbo huu uimbwe Jumapili ya Pasaka, na uongoze wewe. Kuna maneno machache nakuomba uyarekebishe kabla ya siku hiyo. Nakuandikia barua badala ya kukuita mbele ya kwaya kwa sababu nina kovu langu. Nilipokuwa rika lako nilisimama kuhubiri kwa mara ya kwanza, nikateleza mahali, na aliyekuwa akiongoza ibada akanisahihisha papo hapo, kipaza sauti mkononi, watu wanacheka. Alikuwa na haki katika kila neno alilosema. Nami nilikaa karibu mwaka mzima bila kuthubutu hata kusoma matangazo.

Sasa, ubeti wa pili. Umeandika:

Baba, uliacha enzi, ukaja kwetu duniani,
Ukatundikwa mtini, ukafa kwa ajili yangu.

Aliyetundikwa ni Mwana, si Baba. Najua unalijua, ulilisoma darasa la kipaimara na ukalijibu vizuri. Ila ukiimba unamkumbatia Mungu mzima mzima kwa neno moja, na neno lililo karibu na moyo wako ni Baba. Hata wazee wetu wenye tai huomba hivyo: "Baba, asante kwa kutufia msalabani." Nimewasikia, nimenyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikokufundisha wewe. Hilo nalibeba mimi.

Mbona nalishikilia? Fungua Luka 23:46. Pumzi ya mwisho ya Yesu ni sala: "Ee Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu." Kama Baba ndiye aliyekuwa pale mtini, mikono hiyo ni ya nani? Pasaka yote imekaa kwenye mikono hiyo. Mwana amekufa kweli, mwili umekwenda kaburini kweli, na yuko Baba aliyempokea na kumfufua. Tukiwafanya Baba na Mwana kuwa mmoja anayebadilisha kanzu, tunabaki na mtu anayesema na nafsi yake gizani.

Wala si jambo jipya. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini na mtu mwenye ulimi mkali, alimwandikia kitabu kizima mwalimu mmoja aitwaye Prakse, akisema kwamba amemfukuza Roho na kumsulubisha Baba. Usishtuke, sikuiti Prakse. Nataka tu ujue kwamba neno lako moja limewahi kuwakosesha watu usingizi.

Tena hapa kwetu hatuimbi peke yetu. Spika zetu zinasikika mpaka kwa fundi baiskeli wa pale kona, Mwislamu, rafiki yangu wa miaka mingi, na yeye husikiliza nyimbo zetu kwa makini kuliko baadhi ya washirika. Mwaka jana aliniuliza, kwa adabu kabisa, huku akijaza upepo gurudumu: "Mchungaji, nasikia mwaimba Baba alikufa. Zile siku tatu dunia aliachiwa nani?" Ni swali la haki, na jibu ninalo. Sasa nitamjibuje ikiwa wimbo wetu wenyewe unanipinga?

Dawa yake ni ndogo mpaka utacheka. Weka "Yesu" mahali pa "Baba". Silabi mbili kwa silabi mbili. Mizani haiguswi, sauti ya pili haiguswi, na yale mengine yote ya ubeti yanakuwa kweli tupu.

Kiitikio nacho kina herufi moja inayonisumbua. "Roho imeshuka, imetujaa, itembee humu." Mwalimu wa kwaya anasema ni sarufi tu. Mimi nasema kwa Kiswahili chetu sarufi hii ni mahubiri. Kuku wa mama yako akipotea, kwenu Mtongwe nani atasema "kuku imepotea"? Labda mgeni wa bara. Kuku tunampa "a" kwa sababu ana uhai, halafu Roho wa Mungu tunampa "i" kama umeme au maji ya mfereji! Paulo anawaambia Waefeso wasimhuzunishe Roho Mtakatifu. Umeme hauhuzuniki. Na Yesu mwenyewe, Yohana 16:13, anasema "yeye atakapokuja, huyo Roho wa kweli". Yeye. Huyo. Basi imba "Roho ameshuka, ametujaa, atembee humu", na utaona hata namna ya kuimba inabadilika, maana sasa kuna mtu chumbani. Ile "roho yangu imechoka" ya ubeti wa kwanza iache ilivyo, hiyo ni yako na ni sawa.

Nafika kwenye ubeti wa tatu, nao ndio ulionifanya nikaandika usiku badala ya kulala.

Nimefunga siku tatu, fungu langu nimetoa,
Ni lazima unijibu, deni langu unilipe.

Kwa ushairi ndiyo mistari iliyonyooka kuliko yote, nane kwa nane, hakuna iliyopinda. Na nadhani najua imetoka wapi. Najua ulifunga ile wiki ya karo, najua ulitoa ile pesa ya kusuka nywele ukaiweka kapuni, na najua mpaka leo nafasi ya chuo imekaa inakungoja na ada haijapatikana. Sikulaumu hata kidogo kwa kumlilia Mungu. Ila hapa hujamlilia, umempelekea bili.

Rudi kwenye ubeti wako wa kwanza, Neema. Ulivushwa bila nauli. Imekuwaje tukifika ng'ambo ya pili umesimama na risiti mkononi? Paulo anauliza katika Warumi 11:35 ni nani aliyempa Mungu kitu kwanza hata adai kulipwa. Wimbo wako wenyewe ulikuwa umeshalijibu swali hilo vizuri kuliko mimi.

Nami namfikiria mama mmoja wa sauti ya kwanza, yule anayeuza viazi karai jioni. Jina silitaji, unamjua. Alifunga kwa ajili ya mwanawe, si siku tatu. Alitoa alichokuwa nacho. Tulimzika kijana yule msimu wa mvua za masika, na tope la kaburi lilikuwa bado viatuni mwake alipokuja mazoezini Jumamosi ile ile. Hakuimba, alikaa tu na karatasi ya maneno mapajani, lakini alikuja. Siku ya Pasaka atasimama mstari wa mbele. Ukifika "ni lazima unijibu", yeye afanye nini na mdomo wake? Ama afunge, ama aamini kwamba kufunga kwake kulipungua siku moja. Siwezi kumwekea mzigo huo, na najua moyo wako, nawe huwezi.

Sikwambii uufute. Kilio chako kibaki, tena kibaki kikali. Daudi katika Zaburi ya 13 anamuuliza Mungu "hata lini utanisahau", wala hakukemewa. Wale vijana watatu wa Danieli walisema Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Mahali fulani kati ya "hata lini" na "kama si hivyo" pana ubeti wako wa tatu. Mimi siuandiki. Nilijaribu jana, mama mchungaji akausoma akaniambia nirudi kwenye mahubiri yangu. Ningependa tu, kabla hujashika kalamu, upite kwa yule mama jioni moja, ununue viazi, ukae naye kwenye benchi. Usimwambie nimekutuma.

Jambo la mdundo nililisahau. Kuna waliolalamika kwamba ni chakacha, na kwamba kina mama wanaweza kusahau wako wapi. Hilo niachie mimi. Usiguse ngoma.

Njoo Jumamosi saa tisa, nusu saa kabla ya mazoezi, ofisini kwangu, na umlete yule kijana wa gitaa. Kama ubeti haujakamilika, njoo nao nusu. Kama kuna mahali unaona nimekosea, niambie wazi, nami nitafungua Biblia pamoja nawe, maana si mara moja nimesahihishwa na watoto wa kwaya. Kuhusu kurekodi, nimezungumza na mweka hazina, na ameahidi kulileta suala hilo kikaoni mwisho wa mwezi. Kuhusu karo, kuna mtu mmoja nimemwandikia. Sikuahidi kitu, ila nimeandika.

Ni mimi babako katika Bwana,

Mchungaji

Tena: tangu Alhamisi mama mchungaji anapika huku akiimba "bila nauli, bila nauli", sehemu hiyo tu. Anauliza inaendeleaje.