DHARURA: Mdogo wangu anahitaji damu O hasi (O−) leo hii

Alhamisi, saa 3:20 asubuhi

Mgonjwa: Rehema Juma, miaka 27, wodi ya wazazi, hospitali ya rufaa
Kundi la damu: O hasi (O−)
Kinachohitajika: chupa 4 leo, na 2 za akiba kwa usiku
Piga: 555-0142 (mimi, Salma, dada yake) au 555-0167 (Hamisi, mume wake)

Ndugu zangu, majirani, wazee wetu, shikamooni. Naomba kila anayeona ujumbe huu ausome mpaka mwisho, hata kama hajui kundi lake la damu.

Rehema amejifungua jana usiku kwa upasuaji. Mtoto ni wa kike, mzima, na ananyonya maziwa ya kopo kwa sasa. Ila baada ya upasuaji mfuko wa uzazi ulikataa kujikaza na akatokwa na damu nyingi sana. Alfajiri wamemrudisha chumba cha upasuaji na, alhamdulillah, wamefanikiwa kuizuia. Tatizo lililobaki ni kwamba damu aliyobaki nayo mwilini haitoshi. Kipimo cha asubuhi hii himoglobini ni 5.2, na hapo ni baada ya kuongezewa chupa 3. Hizo 3 ndizo zilikuwa O hasi zote za benki ya damu. Wamepiga simu vituo vingine na bado hawajapata.

Najua wengi mtasema, "Mimi ni O, nakuja." Asanteni sana, lakini tafadhali angalieni alama iliyo baada ya herufi. Mtu wa O hasi hupokea chembe nyekundu za O hasi tu. Ajabu ya damu hii ni kwamba inaweza kumsaidia karibu kila mtu, ila yeye mwenyewe husaidiwa na mwenzake peke yake. Daktari ametueleza kwamba maisha yake yakiwa hatarini kabisa na hakuna njia nyingine, wanaweza kulazimika kumpa O chanya. Hawapendi kufika huko, kwa sababu bado yuko umri wa kuzaa: mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu chanya, na kinga hizo zikamshambulia mtoto wa mimba nyingine. Ana miaka 27 na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Ndiyo maana tunahangaika kuipata hiyo hiyo O hasi.

Nyumbani tumepimwa wote. Kaka yetu mkubwa ndiye pekee aliyefanana naye, na ameshatoa usiku uleule. Hawezi kutoa tena mpaka ipite miezi mitatu. Mama na mimi ni O chanya, Hamisi ni A chanya.

Hujui kundi lako? Angalia kadi ya kliniki ya ujauzito, kadi ya kuchangia damu, au majibu ya zamani ya hospitali. Na kina mama, kuna dalili moja wengi hamuikumbuki: kama uliwahi kuambiwa uchomwe sindano ya anti-D wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua, damu yako ni hasi. Huenda ni A hasi au B hasi, lakini huenda ni O hasi, kwa hiyo nipigie. Kama wewe mwenyewe unanyonyesha au ni mjamzito hutaruhusiwa kutoa, ila ndugu zako wa tumbo moja wanaweza kuwa na damu kama yako. Waulize. Kama hujui kabisa, njoo tu, kupima kundi ni tone la damu kidoleni na majibu hutoka dakika hiyohiyo.

Wanaokubaliwa ni wenye miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, na wasio na homa wala ugonjwa kwa sasa. Mwanaume awe amekaa miezi mitatu tangu atoe damu mara ya mwisho, mwanamke minne. Kama unatumia dawa za antibayotiki, ulikuwa na malaria karibuni, au umechora tatuu miezi michache iliyopita, usijikatie tamaa wala usifiche. Sema dirishani wakuamulie wao. Maswali watakayokuuliza ni ya siri yako na wao, sisi ndugu hatuyasikii. Nawaomba mjibu ukweli mtupu, kwa ajili ya Rehema.

Tafadhali njooni mapema, ikiwezekana kabla ya saa 7 mchana. Damu haitoki mkononi mwako ikaingia kwake moja kwa moja. Lazima ipimwe kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, kisha walinganishe na damu yake, na hayo yote huchukua saa kadhaa. Atakayekuja jioni atakuwa amesaidia, lakini ni ya asubuhi itakayomfikia leo.

Kula kabla ya kuja, usije na njaa, na kunywa maji ya kutosha, kama nusu lita. Beba kitambulisho. Ukifika usiende wodini, nenda moja kwa moja benki ya damu, jengo la maabara, ghorofa ya chini, useme umekuja kwa ajili ya Rehema Juma wa wodi ya wazazi ili wakuandike kwa jina lake. Hamisi yuko pale mlangoni, amevaa shati la bluu. Wanatoa takriban mililita 450. Kutoka kwenyewe ni kama dakika 10, na pamoja na vipimo na kupumzika ni chini ya saa moja. Anayeogopa sindano aniambie, nitakaa naye na kumshika mkono mpaka amalize. Asiye na usafiri pia anipigie, kuna vijana wawili wa hapa kundini wamejitolea kuwafuata watu.

Nyie wenye makundi mengine nanyi tunawahitaji. Benki imetupatia damu bila kusubiri, na kesho kuna mama mwingine atakayeingia chumba cha upasuaji akiwa A au B. Hamisi ameshatoa yake kufidia. Mkiweza kuja kesho au keshokutwa badala ya leo itakuwa vizuri zaidi, ili leo foleni iwe ya O hasi.

Jambo moja la kuwatahadharisha. Hatuchangishi hela kwa ajili ya damu hii, na hakuna anayeuziwa wala kulipwa. Mtu yeyote akikutumia ujumbe kwa jina la Rehema akiomba pesa, usitume, na unijulishe. Namba zetu ni hizo mbili tu.

Mkisambaza kwenye makundi mengine, tumeni ujumbe wote pamoja na siku na saa iliyoandikwa juu, msikate. Nimeona maombi ya namna hii yakizunguka miezi baada ya mgonjwa kutoka hospitali, na watu wakachoka kuyaamini. Chupa zikitimia nitaandika hapa IMETOSHA, na naomba nayo muisambaze vilevile.

Simu yangu ikiwa inatumika, tuma ujumbe mfupi: jina lako, kundi lako kama unalijua, na saa utakayofika. Nitakujibu.

Salma
555-0142

Nyongeza, saa 4:05: Wawili wa O hasi wamepatikana, mmoja ameshalala kitandani anatolewa, mwingine yuko njiani. Mungu awalipe. Bado wawili kwa leo na wawili wa usiku. Endeleeni kuuliza.