Metotreksati na septrini, Mama N.W., faili 0417: nimesimamisha dawa 2, naomba jibu kabla ya saa 11

Daktari Mutua, habari za mchana. Nimekupigia mara mbili, najua kliniki ya Alhamisi imejaa, kwa hiyo naandika. Mgonjwa yuko hapa dirishani na cheti chako cha leo.

Naomba uthibitishe mambo mawili: metotreksati ni ya kila siku au ya kila wiki, na kama tunaweza kumbadilishia septrini.

Cheti kinasema metotreksati mg 15, 1×1, siku 28. Baada ya 1×1 kuna alama ya kalamu inayoweza kuwa "/52", au mkono tu uliteleza. Nimeiangalia kwenye mwanga na bado siwezi kuapa. Karani aliyeingiza kwenye kompyuta ameisoma kuwa ya kila siku, na mashine ikatoa hesabu ya tembe 168 za mg 2.5. Ikiwa ni ya wiki, zinatakiwa 24 tu. Pakiti yake ya mwezi uliopita, ambayo bado anayo mkobani, imeandikwa tembe 4 kila Jumapili, yaani mg 10, na ndivyo anavyosema amekuwa akimeza. Nachukulia ulikusudia wiki, lakini kwa dawa hii sitoi kwa kukisia.

Kama ni ya wiki, kuna swali la pili kuhusu dozi. Umempandisha kutoka mg 10 hadi mg 15. Kreatinini yake ya wiki 2 zilizopita ni 118 µmol/L. Kwa mwanamke wa miaka 58 nakadiria uchujaji wa figo 46 mL/min. Hemogramu ya mwisho ninayoiona kwenye faili ina miezi 3. Ningependelea abaki kwenye mg 10 hadi hemogramu, kreatinini na vipimo vya ini virudiwe.

Sasa septrini, mg 960 mara 2 kwa siku, siku 5. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Trimethoprimu na salfamethoksazoli zote zinagusa njia ileile ya foleti ambayo metotreksati inaizuia, na salfa inapunguza utolewaji wa metotreksati kupitia figo. Kwa figo hizi, uboho unaweza kuporomoka hata kwa dozi ndogo ya wiki. Kuruka metotreksati ya Jumapili hii peke yake hakutoshi, kwa sababu ile ya Jumapili iliyopita bado iko ndani ya seli. Isitoshe yuko kwenye losatani mg 50, na septrini juu yake inapandisha potasiamu.

Nimemuuliza: mkojo unachoma tangu juzi na anaenda haja ndogo mara kwa mara, lakini hana homa, maumivu ya kiunoni wala kutapika. Hana vidonda mdomoni, hajavuja damu popote. Septrini hajaimeza hata moja. Napendekeza fosfomisini gramu 3, dozi moja tu, usiku wa leo baada ya kukojoa, tunayo. Nitrofurantoini ingekuwa rahisi mfukoni, ila kwa 46 tuko mpakani kabisa na nisingeitegemea. Ukikubali, mkojo uchukuliwe kwanza ukaoteshwe.

Jambo moja ambalo huenda hakukwambia, kwani hata mimi alinitajia akiwa tayari ameinuka: amekuwa akinunua diklofenaki mg 50 dukani karibu na nyumbani, moja kila usiku, kwa ajili ya magoti, karibu mwezi mzima sasa. Labda ndiyo inayoeleza kreatinini. Nimemwambia aiache leo, na maumivu yakizidi atumie parasetamoli gramu 1, isizidi mara 3 kwa siku. Kama una mpango tofauti, nirekebishe.

Asidi ya foliki mg 5 kwa wiki nimempa, anameza Jumatano. Losatani pia nimempa. Metotreksati na septrini ziko kando, hazijatoka. Metotreksati inaweza kungoja, maana dozi yake inayofuata ni Jumapili. Mkojo hauwezi kungoja, na mama anataka matatu ya Rongai kabla msongamano haujaanza.

Naomba unijibu hapa kwa maandishi. Kwa metotreksati, andika mg ngapi, "mara moja kwa wiki" na jina la siku kwa maneno kamili, ili karani asiisome tena vibaya. Kwa mkojo, sema fosfomisini ndiyo au hapana. Ukitaka vipimo vya damu leo, niambie kabla ya saa 10:30, maana maabara inaacha kupokea sampuli saa 11 na nitampeleka mwenyewe.

Njeri, mfamasia wa zamu, dirisha la 2
Alhamisi, saa 9:40 alasiri