Vikomo vya Ugunduzi na Upimaji wa Kiasi: Aseniki katika Maji ya Visima Vitano, Mkoa wa Geita

Matokeo yote ya ripoti hii yasomwe pamoja na namba mbili: 0.6 na 2.0 mikrogramu kwa lita (µg/L). Ya kwanza ni kikomo cha ugunduzi. Chini yake spektrometa ya tanuru la grafiti haitofautishi aseniki na kuyumba kwa kawaida kwa sampuli tupu. Ya pili ni kikomo cha upimaji wa kiasi, na ni kuanzia hapo tu ndipo tunapotaja kiasi chenyewe.

Tuliandaa sampuli tupu 10, kila moja peke yake, kwa maji yaliyoondolewa ioni, asidi ya nitriki na chupa za aina ileile iliyobeba maji ya visima, tukazipitisha hatua zote. Kusoma chupa moja mara 10 kungetoa kikomo kidogo cha kuvutia lakini kisicho cha kweli, kwani tofauti zinazoletwa na uchafu wa asidi na chupa zisingeonekana. Mkengeuko sanifu wa ufyonzaji ulikuwa 0.0008, na mteremko wa mstari wa kalibresheni 0.0040 kwa kila µg/L.

```
3 × 0.0008 / 0.0040 = 0.6 µg/L
10 × 0.0008 / 0.0040 = 2.0 µg/L
```

Hesabu peke yake haitoshi. Sampuli 7 za maji yasiyo na aseniki zilitiwa 2.0 µg/L kila moja. Wastani ulirudi 1.9 na mkengeuko 0.17, sawa na asilimia 9. Kikomo kimethibitika.

Kisima namba 1 kimeandikwa "<0.6". Hiyo si sifuri, na isigeuzwe sifuri katika kukokotoa wastani: maji yenye 0.6 kamili yakipimwa mara nyingi, takriban nusu ya majibu huangukia chini ya kikomo. Namba 2 ni "imegunduliwa, chini ya 2.0". Namba 3 ina 7.4, namba 4 ina 13, juu ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 10 µg/L.

Kisima namba 5 kilihitaji uangalifu zaidi. Chumvi yake nyingi ilivuruga usomaji, tukayazimua maji mara 5. Vikomo navyo vikapanda mara 5, kuwa 3.0 na 10. Kikomo cha upimaji kikilingana na mwongozo wenyewe, jibu la "chini ya 10" halimsaidii mnywaji wa maji hayo. Tukarudia kwa njia ya haidraidi, inayoitoa aseniki kama gesi na kuiacha chumvi nyuma, baada ya kuishusha kutoka valensi 5 hadi 3 kwa iodidi ya potasiamu na asidi askobiki; hatua hiyo ikirukwa, aseniki yenye valensi 5 husomeka pungufu. Kikomo cha upimaji kwa njia hii ni 0.5, na jibu ni 8.6 µg/L.

Tyubu ya grafiti au chupa ya asidi ikibadilishwa, sampuli tupu zipimwe upya kabla ya kuvitumia vikomo hivi kwa kundi jingine.