Majibu ya picha za bega lako la kulia

Nairobi, 18 Juni 2025

Mzee wangu, salaam.

Nakuandikia haya ili uyasome nyumbani pole pole, wewe na binti yako, kwa sababu niliona leo asubuhi kwamba nilipotaja kano iliyochanika, masikio yako yaliziba kwa yote yaliyofuata. Uliniuliza swali moja tu kabla ya kuondoka: "Sasa huu mkono ndio basi?" Jibu langu ni hapana. Lakini bega hili lina jambo ambalo hatuwezi kulipuuza msimu baada ya msimu, na nataka ulielewe vizuri ili tuamue pamoja.

Kichwa cha mfupa wa mkono wako kimezungukwa na misuli minne itokayo kwenye mfupa bapa wa mgongoni. Kano zake zinaungana na kukifunika kichwa hicho mbele, juu na nyuma. Kazi yake ni kukishikilia kichwa katikati ya kitako chake wakati msuli mkubwa wa nje ya bega unapouinua mkono. Ile ya juu, tunayoiita supraspinatasi, hupita katika nafasi finyu chini ya ncha ya mfupa wa bega, na ndiyo huchanika mara nyingi kuliko nyingine. Kwako ni hiyo.

Picha ya ultrasaundi ilionyesha uchanikaji wa milimita 14, ukipimwa kutoka mbele kwenda nyuma, mahali kano inaposhika mfupa. Umetoboa kano kutoka upande wa juu hadi wa chini. Hapa ndipo wengi hushtuka, kwa hiyo nieleze: fikiria gunia lililotoboka karibu na ukingo. Tundu limepita hadi upande wa pili, lakini nyuzi za pembeni bado zimeshika. Kano yako haijakatika yote. Sehemu ya upana wake ingali kwenye mfupa, na ndiyo maana bado unauinua mkono, ingawa kwa taabu. Kwa vipimo tunavyotumia, chini ya sentimita moja ni mchaniko mdogo, moja hadi tatu ni wa kati, tatu hadi tano ni mkubwa, na zaidi ya tano ni mkubwa sana. Wako ni wa kati, tena upande wa chini wa kundi hilo.

Binti yako aliuliza kwa nini tukakupeleka kwenye MRI ikiwa ultrasaundi ilishaona. Ni swali zuri, hasa kwa kuwa pesa ni yenu. Ultrasaundi hutumia sauti, haina mionzi, na mpimaji anaweza kuuzungusha mkono huku akitazama kano inavyokwenda. Kwa mchaniko uliopita upande hadi upande, mikononi mwa mpimaji mzoefu, inakaribiana sana na MRI. Lakini sauti haipenyi mfupa. Kano iliyorudi nyuma ikajificha chini ya ncha ya mfupa wa bega, ultrasaundi haiifuati huko, na msuli wenyewe hauonekani wote kwa ubora ule ule. Nilitaka kujua mambo mawili: kano imerudi nyuma kiasi gani, na msuli wake una hali gani. Ile mashine ya sumaku yenye kelele iliyokulaza kimya kwa zaidi ya nusu saa ilijibu yote mawili.

Kano imerudi nyuma milimita 11, si mbali. Na msuli bado ni msuli. Kano ikikaa muda mrefu bila kuvuta mfupa, msuli wake hunyauka na mafuta huingia kati ya nyuzi zake. Tunapima mafuta hayo kuanzia 0 hadi 4: sufuri hakuna, nne mafuta yamezidi nyama. Wako ni 1, michirizi tu. Mzee, katika ripoti nzima hii ndiyo sentensi iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu mafuta yakishaingia kwa wingi hayarudi nyuma kwa kiasi cha maana hata kano ikishonwa. Kano nyingine tatu ziko salama, ya msuli wa mbele ya mkono iko mahali pake, na eksirei inaonyesha kichwa cha mfupa hakijapanda juu.

Kuna pia maji kwenye kifuko chembamba kilicho kati ya kano na mfupa wa juu yake. Kifuko hicho kimevimba, na nadhani ndicho kinachokuamsha saa nane usiku. Ukilalia bega hilo unakibana, na usiku hakuna kazi ya kukusahaulisha maumivu. Udhaifu wa kuinua unatokana na mambo mawili: kano iliyopungua, na maumivu yenyewe yanayouzuia msuli kufanya kazi. Hilo la pili tunaweza kulipunguza mapema. Nilipouinua mkono wako mimi mwenyewe ulifika juu kabisa, kwa hiyo bega halijaganda, na shingo yako nilipoipima haikuonyesha tatizo.

Sasa, tufanye nini? Tundu hili halitajishona lenyewe. Lakini watu wengi waliopita miaka 60 wana mchaniko kama huu na hawajui, hawaumwi. Ukubwa wa tundu kwenye picha hausemi mtu ataumwa kiasi gani. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, watu zaidi ya 400 wenye mchaniko uliopita upande hadi upande, ambao haukutokana na ajali, walianza kwa mazoezi ya fiziotherapia. Baada ya miaka miwili, takriban robo tatu yao hawakuwa wamefanyiwa upasuaji. Wewe hukuanguka. Maumivu yalianza taratibu wakati wa mvua za masika mwaka jana. Kwa hiyo unafanana na watu hao, na ushauri wangu ni tuanze na wiki 12 za mazoezi.

Fizio atakuonyesha, nami naandika ili usisahau. Juma mbili za kwanza: inama, shika meza kwa mkono wa kushoto, uache wa kulia uning'inie na kuyumba, halafu keti, telezesha kiganja mbele juu ya meza mpaka bega linyooke. Baadaye, kata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ufunge kwenye kitasa cha mlango. Kiwiko kikae ubavuni, kimekunjwa, kisha vuta utepe kuelekea nje, mara 10, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Vivyo hivyo kuelekea ndani. Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kulala si shida. Yakikuamsha usiku huo, kesho yake punguza.

Shambani usiache kazi zote, badilisha namna. Kukamua ng'ombe kiwiko kikiwa karibu na ubavu ni sawa. Kinachoiumiza kano ni mkono kupanda juu ya bega ukiwa na uzito: kurusha nyasi juu ya dari la zizi, kuinua jembe juu ya kichwa, kupandisha mtungi wa maziwa kwenye pikipiki. Hayo mpe kijana wako mpaka Septemba. Nepia ikate chini ya kiuno. Bomba la kunyunyizia dawa sukuma wiki, lile la lita 20, lijaze nusu, na mpini wake uhamishie upande wa kushoto kama linaruhusu.

Usiku lala upande wa kushoto, kumbatia mto ili mkono wa kulia usidondoke mbele ya kifua. Au lala chali, mto mdogo chini ya kiwiko. Meza panadoli mbili za miligramu 500 kabla ya kulala, na kwa siku nzima zisizidi nane. Tafadhali usinunue brufeni wala diklofenaki dukani, hata jirani akikusifia. Una presha na unatumia dawa zake. Hizo zinaweza kuipandisha na kuumiza figo. Sindano ya steroidi begani tunaiweka akiba. Inatuliza kwa muda, inaweza kukusaidia ulale na ufanye mazoezi, lakini haishoni kano na si ya kurudiarudia.

Upasuaji sijaufuta, nami sitaki ufikiri nimekukatalia. Una miaka 58 na unaishi kwa mikono yako. Tundu linaweza kupanuka miaka inavyokwenda, na kusubiri kupita kiasi ni kukaribisha mafuta kwenye msuli. Ikiwa baada ya wiki 12 bado hulali, au mkono haupati nguvu, kuishona kutakuwa na maana. Hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Kano inarudishwa mfupani kwa nyuzi na vijipini. Halafu mkono hukaa kwenye kitambaa cha kuning'inizia kama wiki sita, na jembe husubiri karibu miezi sita. Ukishonwa Septemba mwishoni, mvua za vuli zinakupita, na kulima utaanza kwenye masika. Zungumzeni nyumbani nani atalisha ng'ombe kipindi hicho. Ni bora jibu hilo liwepo kabla hatujapanga tarehe. Kano iliyoshonwa pia huweza kuachia tena, hasa mkono ukirudi kazini mapema au mtu akivuta sigara. Mtakapofikia hapo, ulizieni SHA kwanza wanalipia kiasi gani.

Kuna mambo ambayo hayangoji miadi. Ukianguka au ukivuta kitu kizito na ghafla mkono ukakataa kuinuka, njoo juma hilo hilo. Mchaniko mpya wa ajali hushonwa vizuri zaidi ukiwahiwa. Bega likiwa jekundu, la moto, na una homa, njoo siku hiyo hiyo. Na maumivu ya bega au mkono yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi, hilo si la kano: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usingoje kukuche.

Tutaonana Jumatano tarehe 10 Septemba, saa tatu asubuhi. Njoo na sidii ya MRI, ripoti zote mbili, na dawa zako za presha kwenye pakiti zake. Nitaupima mkono kwa namna ile ile ya leo, tulinganishe. Kama unapata usingizi na nguvu zinapanda, tutarudia ultrasaundi tu mwezi Desemba kuona tundu limekaa palepale au limepanuka.

Daktari wako wa mifupa